Chupa ya bia ndani ya filamu yetu: tuseme tumelipwa, ao tunyamaze?

Kijana wa Ruashi
Tunatengeneza filamu ya dakika 40 hapa Lubumbashi. Kampuni moja ya bia iko tayari kutulipia jenereta, mafuta na chakula cha siku sita, mradi chupa yake ionekane mara tatu na mhusika mkuu ainywe. Tuwaambie watazamaji mwanzoni kwamba tumelipwa, ao si lazima?

Mwalimu wa Kamalondo
Semeni, tena kwa maandishi makubwa. Bango la barabarani naliona, najua ni tangazo, napita zangu. Lakini kwenye filamu nimeshampenda yule kijana, nimelia naye kwenye kilio cha mama yake, halafu anafungua chupa. Hamu inaniingia bila kubisha hodi. Wanafunzi wangu wana miaka 14 na hao ndio watakaoitazama filamu yenu kwenye simu.

Na tusidanganyane: kila jina la kampuni unaloliona kwenye filamu limelipiwa. Angalieni Cast Away ya mwaka 2000, ile ya mfanyakazi wa FedEx anayebaki peke yake kisiwani. FedEx mwanzo hadi mwisho. Walimwaga pesa pale na hakuna aliyetuambia.

Mkata picha wa Kampemba
Mwalimu, kuhusu watoto niko upande wako. Lakini hiyo ya FedEx sivyo ilivyokuwa. FedEx haikulipa ili iwekwe kwenye filamu ile. Ilifungua milango: ndege zake, magari yake, sehemu zake za kazi. Na fikiria kampuni ya ndege za mizigo inavyokubali hadithi inayoanza kwa ndege yake kuanguka baharini. Walijadiliana kwanza, wakaona kwamba mtu anayetunza kifurushi cha mteja miaka yote ile anawafaa kuliko ajali inavyowaharibia.

Nimefanya montaji miaka mingi, na niliyoyaona ni kwamba pesa taslimu ni sehemu ndogo ya mazungumzo haya. Mara nyingi ni kubadilishana. Mtu wa kampuni anaomba senario kabla kamera haijawashwa. Hasomi hadithi kama wewe unavyoisoma. Anapiga mstari mahali watu wanapokula, wanapokunywa, wanapoendesha gari, wanapopiga simu. Kisha anauliza maswali yake: ni nani anayekishika kitu chetu? Anafurahi ao analewa na kumpiga mke wake? Jina litatamkwa ao litaonekana tu? Kwa kila jibu bei inapanda ao inashuka. Kuonekana mezani ni rahisi. Kushikwa na shujaa ni ghali zaidi. Kutamkwa kwa mdomo wake ndiko kunakouma mfukoni.

Kuna mahali ambapo filamu yenyewe hailipwi hata kitu. Watengenezaji wa E.T., filamu ya mwaka 1982, waliiomba kampuni ya Mars iwape ruhusa ya pipi za M&M's, wakakataliwa. Kampuni nyingine, Hershey, wakakubali kuweka pipi zao za Reese's Pieces. Hawakununua nafasi ile. Waliahidi kutumia dola milioni 1 kwenye matangazo yao wenyewe yatakayoitaja filamu. Kila upande ukamtangaza mwenzake, na pipi zile zikauzwa sana.

Mama wa mgahawa, Katuba
Mimi naomba niulize, maana hapa mnaongelea filamu za ng'ambo na jambo langu ni la hapa. Mwaka juzi vijana walikuja kupiga filamu kwenye mgahawa wangu. Wakanilipa siku moja, sawa. Lakini walibandika karatasi nyeupe juu ya jina langu ukutani, jina nililolipia mchoraji! Friji ya soda wakaigeuza uso ukutani. Kisha wakatoa kwenye kasha chupa za kinywaji ambacho mimi siuzi, wakazipanga kila meza. Kijana mmoja alikuwa na kichupa cha kupulizia maji, anapuliza chupa, anafuta, anapuliza tena. Mteja wangu alitaka kunywa, wakamwambia papa, hiyo ni ya kamera. Sasa, nani anilipe kwa jina langu kufichwa? Hilo ndilo swali la kijana, ao siyo?

Mkata picha wa Kampemba
Mama yangu, swali la kijana ni lingine kidogo, lakini umetueleza kila kitu kwa macho yako. Yule wa kupulizia alikuwa anatengeneza umande. Maji matupu yanakauka chini ya taa, kwa hiyo watu huchanganya na gliserini ili matone yakae. Hakuna anayefanya kazi hiyo kwa chupa isiyo na mwenyewe.

Mwalimu, hayo ndiyo uwafundishe wanafunzi. Watazame vidole kwanza. Mtu mwenye kiu anashika chupa katikati, kiganja kinafunika karatasi ya jina. Mtu anayeshika kwa makubaliano anaishika shingoni ao chini kabisa, na jina linaitazama kamera hata kama mwenyewe anatazama pembeni. Kisha watazame chupa za jirani. Hapa kwetu baa haina kinywaji cha aina moja, meza moja inakuwa na bia mbili tatu tofauti na mtu wa maji. Kwenye filamu, kila meza ikiwa na jina moja na vingine vyote havina karatasi, ao vimegeuzwa kama friji ya Mama, kuna mtu amekubaliana na mtu.

Alama ninayoiamini zaidi ni ya kwangu, ya kwenye meza ya montaji: muda. Picha inakatwa pale ambapo tendo limekwisha. Shujaa ameweka chupa mezani, ameondoka, mlango umefungwa, na bado tunaitazama chupa. Sekunde moja ya ziada ni ndefu sana kwetu sisi. Mtazamaji haijui, lakini akihesabu ataiona.

Ila usihukumu kwa alama moja. Kuna vitu vinavyoonekana bila hata senti, kwa sababu msanii alivikuta pale. Na kuna kukopeshwa. Kampuni ya Apple husema hailipi ili vyombo vyake vionekane, lakini huvitoa vitumike. Rian Johnson, aliyeongoza Knives Out, filamu ya kumtafuta muuaji, alieleza mwaka 2020 kwamba Apple haitaki mtu mbaya wa hadithi aonekane ameshika iPhone. Kwa hiyo hata bila malipo kuna sharti, na sharti hilo linaweza kukuonyesha muuaji kabla ya wakati.

Mwenye ukumbi wa video, mtaa wa Kenya
Mimi naonyesha filamu kila siku na napinga kuandika tangazo mwanzoni. Watu wakisoma "filamu hii imelipwa na kampuni ya bia" wataketi wakiitafuta chupa kuanzia dakika ya kwanza. Hadithi imekufa. Na Mwalimu, bila jenereta hiyo hakuna filamu ya Lubumbashi, watoto wako wataendelea kutazama za watu wengine zilizojaa majina ya watu wengine. Andikeni mwishoni, kwenye shukrani, inatosha.

Mwalimu wa Kamalondo
Yaya, mwishoni watu wameshasimama. Wewe mwenyewe unazima pale majina yanapoanza kupanda, nimekaa kwenye ukumbi wako. FedEx nimekosea, nakubali. Lakini Uingereza wameweza. Tangu 2011 vipindi vya televisheni vyenye vitu vya kulipiwa vinaonyesha herufi P pembeni mwa kioo.

Mkata picha wa Kampemba
Ni kweli, mwanzoni, mwishoni na kila baada ya matangazo, sekunde tatu angalau. Lakini tusiichukue zaidi ya ilivyo. Ni kwa vipindi vinavyotengenezwa ao kuagizwa na televisheni zenyewe. Filamu iliyonunuliwa kutoka nje haibebi P. Jambo linalomhusu kijana zaidi ni lingine: katika vipindi vyao vya kule, pombe hairuhusiwi kuwekwa kwa malipo hata ukibandika P. Sigara pia. Waliona kwamba kwa vitu hivyo kumwambia mtazamaji peke yake hakutoshi.

Kijana wa Ruashi
Asanteni. Sikusema yote. Kwenye mkataba wameandika pia kwamba chupa "itaonekana katika filamu iliyokamilika, si chini ya sekunde 5 kila mara", na kwamba wataitazama montaji kabla sisi hatujaionyesha popote. Hilo ni la kawaida?

Mkata picha wa Kampemba
Mdogo wangu, ungeanza na hilo. Hapo ndipo watu wanapofikishana mahakamani.

Chukua Jerry Maguire, ya mwaka 1996. Kuna mchezaji wa mpira wa Kimarekani, Rod Tidwell, ambaye analalamika kwamba kampuni ya viatu ya Reebok wamempuuza, tena kwa matusi. Reebok walivumilia maneno yale kwa sababu walielewana na studio ya TriStar kwamba filamu itaishia kwa tangazo la kubuni, kampuni ikikiri kwamba ilikosea kumpuuza. Reebok ilidai kwamba kwa upande wake ilitoa bidhaa na matangazo ya zaidi ya dola milioni 1.5. Filamu ikafika kwenye montaji. Tangazo likaondolewa kwa kuwa lilivunja mwisho wa hadithi. Matusi yakabaki! Reebok wakashtaki, wakidai dola milioni 10. Wakapatana nje ya mahakama, na baadaye tangazo likarudishwa katika toleo la televisheni.

Studio ile ilikuwa na mawakili. Wewe una jenereta ya kuazima. Kwenye montaji ndipo utakapojua kama ile picha ya chupa inaua filamu yako, na siku hiyo mafuta yao yameshachomwa. Usiahidi kuonekana. Ahidi kupiga: "tutapiga picha tatu ambamo chupa inashikwa." Kisha andika mapema, kwa kiasi, itakuwaje ikikatwa: labda picha moja ikitoka, jina lao linawekwa kwenye bango la filamu, zote tatu zikitoka, mnarudisha thamani ya mafuta. Hizo sekunde 5 futa. Kwenye filamu ya dakika 40, sekunde 5 za chupa iliyosimama ni tangazo, hata babu yangu angelitambua. Na kuitazama montaji, wakubalie kutazama namna chupa ilivyoonyeshwa, wasiguse hadithi.

Mama wa mgahawa, Katuba
Na jina langu?

Mkata picha wa Kampemba
Mama, siku nyingine wakija, jina lako liwe kwenye mkataba kabla hawajashusha taa: libaki ukutani, ao bei ya kulifunika iandikwe peke yake, mbali na kodi ya siku. Na uulize kama kuna kampuni nyuma yao, kwa sababu ikiwepo, ukuta wako una thamani zaidi.

Kijana wa Ruashi
Nimeongea na wenzangu. Mhusika wetu mkuu ana miaka 17 kwenye senario, hatukuwa tumefikiria hilo hadi Mwalimu aliposema wanafunzi wake. Chupa tunampa mjomba wake, na tutarudi kwa kampuni kuona kama bado wanataka. Kuhusu maandishi, mimi nataka yawe mwanzoni, wenzangu wawili wanataka mwishoni.

Mwenye ukumbi wa video, mtaa wa Kenya
Mkiweka mwishoni, nitaacha majina yapande hadi yaishe. Hilo naahidi.

Mwalimu wa Kamalondo
Mimi bado nasema mwanzoni. Na mjomba huyo, wanangu wakimpenda, tumerudi palepale.