Fritata yangu inatoa maji katikati, naomba ushauri haraka

Kibibi_Jikoni: Habari zenu wanajukwaa. Kesho asubuhi nina wageni na nimeshaahidi fritata ya mayai na mboga. Leo nimepika ya majaribio na imenitia wasiwasi. Juu imeiva rangi nzuri ya kahawia, pembeni imeumuka, lakini nilipokata katikati nikakuta maji. Nikairudisha ovenini. Pembeni pakazidi kukauka na maji bado yapo. Swali langu ni moja tu: niongeze moto au niongeze muda?

BabaWatatu: Ongeza mkate. Maji yote yatanyonywa na hakuna mgeni atakayejua.

MamaKimanda: Mdogo wangu, mimi mambo ya oveni niliachana nayo. Napika kimanda cha mayai matatu kwenye kikaango. Siagi ikiacha kutoa povu namimina, navuta kingo kuelekea katikati ili mayai mabichi yapate pa kushukia, kisha napunguza moto na kufunika. Uso ukiacha kung'aa, na nikiinamisha kikaango hakuna kinachotembea, nakunja. Mume wangu zamani alikuwa anakirudisha jikoni akisema kibichi, siku hizi anaomba cha pili.

Kibibi_Jikoni: Asante dada, lakini wageni ni wengi. Siwezi kusimama nikikaanga kimoja kimoja.

KikaangoCheusi: Washa grili dakika tano za mwisho. Fritata huanzia jikoni chini na kumalizikia kwenye moto wa juu. Imekwisha hiyo.

Kibibi_Jikoni: Kikaango changu kina mpini wa plastiki, hakiingii ovenini.

MotoWaChini: Kibibi, kabla ya moto na muda nieleze mambo matatu. Umeweka nini ndani? Chombo gani? Na hayo maji yana sura gani? Grili inaivisha uso tu, na wewe uso wako umeshaiva. Shida yako iko chini yake.

Kibibi_Jikoni: Vitu vya kawaida tu, mayai na mboga. Sioni kama hapo ndipo penye tatizo.

MotoWaChini: Ndipo penyewe. Taja mboga, taja vipimo.

Kibibi_Jikoni: Haya. Mayai 12, maziwa kikombe kimoja na nusu, nyanya mbichi, uyoga mbichi, chumvi. Bakuli la kioo la kina kirefu. Oveni nyuzi 220. Na kabla hamjanirukia: mmoja wa wageni ni wifi yangu, ana mimba ya miezi sita. Ndiyo maana nikaweka moto mkali, nataka kila kijidudu kife. Halafu mchanganyiko wa kesho nimeshautengeneza, uko kwenye friji na mboga zake ndani. Sitaki kuambiwa nianze upya.

NuruYaNyumba: Mjamzito na mayai wapi na wapi? Bibi zetu walikataza. Mpe uji.

MotoWaChini: NuruYaNyumba, mjamzito anakula mayai vizuri tu. Anachopaswa kukwepa ni yale ambayo hayajashika, kwa sababu ya vijidudu vya salmonela. Kibibi, hilo la wifi ungelisema mwanzo kabisa, maana linabadilisha mahali pa kusimamia. Fritata ya watu wengine naitoa ikiwa bado laini kidogo katikati, imalizie kuiva kwa joto lake yenyewe. Ya wifi yako lazima ishike hadi katikati, na ukipima pale panapochelewa zaidi joto lifike nyuzi 71.

ShahidiMacho: Samahani, mimi nasoma nikihesabu. Kwanza kikaango chenye mpini wa plastiki, sasa bakuli la kioo. Juzi palikuwa na uzi wa keki iliyotoa maji, na wifi mjamzito alikuwemo vilevile. Hii ni chai, jamani. Mtu anatafuta wa kuchangamsha naye usiku.

BabaWatatu: Chai bila vitafunio, maana fritata yenyewe haijaiva.

Kibibi_Jikoni: Uzi wa keki siujui. Nilianzia kwenye kikaango chini ishike, kisha nikahamishia kwenye bakuli kwa sababu ya huo mpini. Ilikatika kidogo wakati wa kuhamisha. Mmeridhika?

ShahidiMacho: Kidogo. Picha je?

MotoWaChini: Iwe chai, iwe kweli, wapo wengine wanaosoma wenye maji hayohayo. Kibibi, hujajibu la tatu. Maji yana sura gani?

Kibibi_Jikoni: Pembeni ni mepesi, karibu meupe. Katikati kabisa ni mazito, ya njano.

MotoWaChini: Basi una matatizo mawili ndani ya bakuli moja, na ndiyo maana kuongeza moto hakukusaidia.

Maji mepesi hayana ubichi. Mengine yametoka kwenye nyanya na uyoga, na chumvi inayavuta zaidi. Mengine yamekamuliwa na mayai yenyewe: yai likipita kuiva hujikaza na kusukuma nje maji liliyoshika. Hayo ukiyapika saa nzima yatazidi tu. Yale mazito ya njano, yasiyopenyeza mwanga, ndiyo mayai mabichi. Kwenye nyuzi 220 ndani ya bakuli la kina, pembeni panapita kuiva kabla joto halijafika katikati.

Mchanganyiko wako usiumwage. Asubuhi uchuje, mboga zikaange mpaka sufuria iache kutoa mvuke mwingi, zipoe, uzirudishe. Gawa kwenye vyombo viwili vipana, kina kisizidi sentimita tatu hivi. Kioo kilichotoka kwenye friji usikiingize kwenye oveni ya moto, kinaweza kupasuka. Weka nyuzi 170 na uanze kuangalia baada ya dakika 25. Zinaweza kufika 35, maana maziwa ni mengi na yanachelewesha kushika.

Utikise chombo taratibu. Katikati pakitembea kama wimbi, bado. Pakitetemeka kwa pamoja kama jeli, pamekaribia, lakini kwa wifi usubiri hadi patulie. Kisha chomeka kisu katikati na upanue kidogo. Unyevu mweupe kwenye kisu usikutishe. Michirizi ya njano ndiyo inayosema rudisha.

KikaangoCheusi: Mtu akifuata hayo atakula mpira. Fritata nzuri ina unyevu.

MotoWaChini: Mpira unatokana na moto mkali zaidi kuliko kuiva. Ila nakubali, ya nyuzi 71 haitakuwa laini kama unayoipenda wewe.

MamaKimanda: Na jibini je? Mimi nikitia jibini kimanda kinaonekana kibichi wakati kimeshaiva.

MotoWaChini: Swali zuri. Jibini iliyoyeyuka inanata kwenye kisu na kukudanganya. Chomeka pengine pasipo na jibini, au iweke juu mwishoni.

Kibibi_Jikoni: Nitachuja mboga na kugawa vyombo viwili. Lakini 170 naona ndogo, nitaweka 190. Wageni wanafika saa tatu na sitaki kuchelewa.

MotoWaChini: 190 inapikika, ila anza kuangalia dakika ya 18, na kingo zitakuwa kavu kidogo. Mwenye haraka huamka mapema badala ya kuongeza moto.

Kibibi_Jikoni: Kipimajoto nilichonacho ni cha homa. Kinafaa?

BabaWatatu: Fritata ikisoma 38 umpeleke daktari.

MotoWaChini: Hakifai, kinaishia nyuzi 42 hivi. Tegemea kisu, na kipande cha wifi kikate katikati uone mwenyewe ndani kabla hujampa.

ShahidiMacho: Na picha usisahau.