Mrejesho: Upungufu wa shinikizo kwenye bomba la milimita 3
Niliuliza: "Kwa nini grafu yangu ya upungufu wa shinikizo dhidi ya kiwango cha mtiririko inapinda?"

Nawashukuru wote mlionijibu. Nikiwa hapa Kigoma nilichora upya kwa logi pande zote mbili kama mlivyoshauri, na mistari miwili ikajitenga: mtiririko tulivu ulitoa mwinamo wa 1.0, na wa msukosuko 1.7, karibu na 1.75 ya bomba laini. Kwa maji ya nyuzijoto 26, badiliko lilianzia karibu mililita 4 kwa sekunde, yaani namba ya Reynolds kama 2000.

Kuongeza vipimo kati ya 2000 na 4000 hakukunisaidia, kwani maji ya manomita yalipanda na kushuka bila kutulia. Nukta hizo nimezionyesha bila kuzipitishia mstari.