Odoo au ERPNext kwa kinu cha unga Nakuru? Pumba inanichanganya

MsagajiPipeline
Wadau, habari za jioni. Nina kinu cha mahindi hapa Nakuru, tunatoa unga wa gredi ya kwanza, pakiti za kilo mbili. Hesabu zote ziko kwenye Eksel na mhasibu wangu anaondoka mwisho wa mwezi. Nimeletewa kwotesheni mbili za programu ya kuendesha stoo na hesabu, moja ya Odoo na nyingine ya ERPNext. Wauzaji wote wawili wanaapa kwamba pumba "inaingia bila shida". Ipi inatoa gharama ya kweli ya unga? Nataka kulipa amana Ijumaa.

Jembe_la_Odoo
Odoo, usipoteze wakati. ERPNext haijui zao la ziada, yenyewe inajua bidhaa moja tu inayotoka mwisho wa kazi.

MamaHesabu_Kisumu
Ndugu msagaji, hujatuambia kitu. Kundi moja ni kilo ngapi? Unga unatoka ngapi, pumba ngapi, na unauza kila kimoja bei gani? Na huko kwenye Eksel, gharama mnaigawa vipi?

MsagajiPipeline
Samahani mama. Chukua la juzi: mahindi kilo 10,000 kwa shilingi 45, yaani 450,000. Umeme, vibarua na matengenezo 30,000. Kulitoka unga kilo 7,500, pumba 2,200 ikiwa imechanganyika na kiini, na 300 hazikuonekana. Pumba nauza 25 kwa kilo, unga 110 kwa pakiti bei ya jumla. Pakiti tupu na gari nimeziacha kando. Gharama tunaigawa kwa kilo zote zilizotoka, kwa hiyo pakiti inanisimamia 99. Faida ni shilingi 11 kila pakiti, ila benki haisemi hivyo.

MamaHesabu_Kisumu
Benki ndiyo inasema kweli. Gawa 480,000 kwa kilo 9,700 utapata kama 49.50 kwa kilo, na pumba umeipa hiyo hiyo. Pumba ya shilingi 25 imebebeshwa gharama ya 49.50! Hapo umetoa karibu shilingi 54,000 kwenye unga ukazificha ndani ya magunia ya pumba.

Fanya hivi. Pumba itakuletea 2,200 mara 25, yaani 55,000. Ondoa hizo kwenye 480,000, zinabaki 425,000 za kubebwa na unga peke yake. Gawa kwa 7,500, kilo ni 56.67, pakiti ni 113. Unauza 110. Ukitaka kuhakikisha, hesabu pesa iliyoingia: pakiti 3,750 ni 412,500, ongeza pumba 55,000, jumla 467,500. Ulitumia 480,000. Umepoteza 12,500 kwenye kundi moja, na bado hujalipa gari.

MsagajiPipeline
Ala! Na juzi nimempunguzia bei mteja wa Naivasha kwa sababu "tuna nafasi ya shilingi 11".

FundiMifumo
Jembe, si kweli. ERPNext ina jedwali la `Scrap Items` kwenye BOM, yaani orodha ya vitu vinavyotumika kutengeneza bidhaa. Unaweka pumba, kilo na bei, na thamani yake inatolewa kwenye gharama ya unga. Ni hesabu ya MamaHesabu kama ilivyo. Kasoro ni kwamba bei usipoiandika, pumba inaweza kuingia stoo kwa sifuri na unga ukabeba kila kitu, halafu siku ya kuuza pumba unaona faida ya ajabu.

Odoo inatumia asilimia. Kwenye `By-products` unajaza `Cost Share (%)`. Kwa kundi lako ni 55,000 kwa 480,000, kama 11.5. Mitego ni miwili. Asilimia haisogei bei ya pumba ikishuka, hadi mtu aikumbuke. Pili, kama pumba umeiweka kwenye kundi la bidhaa lenye `Standard Price`, ile asilimia haibadilishi bei ya pumba stoo. Weka `Average Cost (AVCO)` au FIFO.

Sangara_Dunga
Naomba nitofautiane na mama kidogo. Nilifanya kazi kwenye kiwanda cha samaki hapa Kisumu. Sangara anatoa minofu, mgongo wazi, yaani mifupa inayobaki, na mabondo, vile vibofu vya hewa vya tumboni. Mabondo ni uzito mdogo kabisa lakini kilo yake inashinda minofu kwa mbali. Ukiyaita mabaki na kuyaondoa tu kwenye gharama, minofu inaonekana kama ya bure. Hayo ni mazao mawili yanayostahili kugawana gharama kwa thamani ya mauzo. Mgongo wazi ndio wa kuondoa. Sasa pumba ya huyu ndugu ni karibu asilimia 12 ya mapato yake. Hicho si kitu kidogo.

MamaHesabu_Kisumu
Kanuni ya kimataifa ya uhasibu wa stoo, IAS 2, inaruhusu kuondoa thamani kama zao la ziada si kubwa, na hapo ndipo wakaguzi hubishana. Lakini igawe kwa mauzo uone: unga unachukua asilimia 88.2, kilo inakuwa 56.47 badala ya 56.67. Tunapigania senti 20, Sangara. Kwa mabondo ningekubali bila ubishi.

Mkulima_Njoro
Hiyo pumba ya 25 bado ipo? Huku tunauziwa 32.

Stoo_Webuye
Mnabishania pumba, mimi niulizeni kuhusu zile kilo 300. Tulikuwa na ERPNext kwenye kinu nilichofanyia kazi. Upotevu tuliandika asilimia 3 kwenye BOM, na `Backflush Raw Materials Based On` ikaachwa kwenye `BOM`. Maana yake mfumo unatoa mahindi stoo kwa kufuata kile kilichoandikwa, bila kuuliza mzani. Basi kila asubuhi ripoti ilisema asilimia 3. Bosi alifurahi, akaibandika ukutani.

Baada ya mavuno tukahesabu stoo, tani 14 hazipo. Mlinzi wa usiku akafukuzwa siku hiyo hiyo. Ni wiki mbili baadaye ndipo kijana wa maabara alipofungua daftari la kipima unyevu. Tulikuwa tunapokea mahindi ya asilimia 18 na kuyaanika wenyewe hadi 13.5. Tani moja ya 18 ikifika 13.5 inabaki kilo 948. Zile 52 ni maji yaliyokwenda hewani. Msimu ule tulipokea kama tani 250. Yaani tani 13 zilikuwa maji, na tani moja hadi leo hatujui. Mlinzi hakurudishwa.

Kwa hiyo kukausha kupe oda yake ya kazi, pima kabla na baada, bei ya kilo ipande hapo. Kile kipengele cha `Backflush` kiweke `Material Transferred for Manufacture`, na mahindi yapimwe yanapotoka kwenda kwenye mashine. Upotevu uliozidi kawaida usiupakie kwenye unga, upeleke kwenye gharama za mwezi mahali bosi ataona.

Jembe_la_Odoo
Sawa, nimekubali hilo la ERPNext. Ila eTIMS ya ankara za KRA itaunganishwaje? Hilo hakuna aliyeuliza.

FundiMifumo
Anzisha uzi mwingine, hapa hatutalala.

MsagajiPipeline
Wauzaji wote nimewatumia kundi hili la tani 10, nikawaambia wanionyeshe pakiti ikitoka 113 mbele yangu. Wa Odoo ametuma picha ya skrini: 128. Wa ERPNext hajajibu.

FundiMifumo
128 ni 480,000 kwa 7,500 mara mbili. Pumba hajaipa chochote. Mwambie afungue ile `Cost Share (%)`, nina hakika iko sifuri.

Stoo_Webuye
Mahindi yako unayapokea na unyevu gani? Mama aliuliza mengine yote, hilo bado.

MsagajiPipeline
Kipima unyevu kiliharibika Machi. Tunauma kwa jino.

Mkulima_Njoro
Nahitaji magunia 20 ya pumba kabla ya Jumamosi. Nani ananijibu?