Benki, mkituwekea roboti tuwekeeni na njia ya kumfikia mtu. Na huyo mtu aje akijua tumeshasema nini!

Mkazi_wa_Kibamba (mwanzisha uzi)

Wakuu, nina hasira na nitaandika nazo hivyo hivyo. Benki siitaji, wenye nayo wataijua.

Ijumaa saa 2 usiku nachomeka kadi kwenye ATM pale Mbezi. Ni ATM ya benki nyingine, sio ya kwangu, na hilo mlishike maana ndilo lililoniponza. Naomba 300,000, mashine inakoroma, kadi inarudi, hela haitoki. Meseji ya kukatwa ikaingia hapo hapo nikiwa bado nimekodolea mashine.

Nikawaandikia benki yangu WhatsApp, ujumbe mmoja uliojitosheleza: "Nimetoa 300,000 kwenye ATM ya benki nyingine Mbezi, hela haijatoka lakini nimekatwa." Roboti lao likanijibu kwa bashasha na orodha ya ATM zilizo karibu nami! ATM naiona kwa macho jamani, nimeiegemea.

Nikaandika "nataka kuongea na mtu". "Samahani, sijaelewa. Chagua 1 kwa Salio, 2 kwa Mikopo..." Nikarudia. Menyu ile ile. Nikaandika kwa herufi kubwa, tena kwa maneno ambayo modi angeyafuta hapa, ndipo likasema "Tunakuunganisha na mhudumu wetu." Kimya mpaka nikalala.

Kesho yake usiku ndiyo likaja: "Je, bado unahitaji msaada? Jibu NDIYO." Nikajibu NDIYO. Likasema "Karibu! Chagua 1 kwa Salio..."

Baadaye mhudumu akapatikana. Neno lake la kwanza: "Habari, nikusaidie nini?" Maelezo yote yako juu hapo kwenye mazungumzo yale yale, dada yangu! Nikaeleza upya. Akauliza kiasi, nikaandika 300000, roboti likadandia katikati: "Chaguo si sahihi." Yule dada naye akapotea.

Leo nimepigiwa simu kwamba malalamiko yangu yamefungwa, mashine imekaguliwa na haina hela ya ziada. Mashine ipi? Wamekagua ATM YAO ya Mbezi. Mimi sikuigusa.

Binti_Kigogo

Pole mkuu. Ila mimi naomba kuuliza, nilituma hela kwa namba isiyo sahihi mwezi jana, naipataje? Mpokeaji hapokei simu.

Fundi_Mitambo

@Binti_Kigogo hilo ni jambo jingine dada, fungua uzi wako utasaidiwa.

Mwanzisha uzi, nimewahi kutengeneza mifumo hii kwa hiyo najua ulipoangukia. Ukiongea na roboti, mazungumzo yanakaa kwenye mfumo wa roboti. Mhudumu yeye anatumia skrini nyingine kabisa. Watu wa mfumo wasipounganisha hizo mbili kwa makusudi, mhudumu anafunguliwa tiketi yenye namba yako ya simu na ujumbe wako wa mwisho tu. Wa kwako wa mwisho ulikuwa NDIYO. Sasa na wewe jiweke pale kwake: mtu amekuja, amesema NDIYO, utamuuliza nini zaidi ya "nikusaidie nini"?

Hiyo "jibu NDIYO" nayo ina kisa chake. WhatsApp inairuhusu kampuni kukuandikia kwa uhuru ndani ya saa 24 tangu ujumbe wako wa mwisho. Zikipita, inabidi itume ujumbe wa kiolezo uliokwisha kuidhinishwa, na mpaka uujibu ndipo dirisha lifunguke tena. Foleni yao ilikuwa ndefu, ukavuka saa 24, wakatuma kiolezo. Kosa lao ni kwamba jibu lako halikurudi kwenye tiketi iliyokuwa inakusubiri. Liliingia kwa roboti, na roboti likakupokea kama mgeni aliyeingia sasa hivi.

Na lile lililodandia katikati, ni kwa sababu halikunyamazishwa. Mhudumu akishachukua mazungumzo, roboti linatakiwa kufunga mdomo mpaka mhudumu mwenyewe atakapolirudisha. Hawakufanya hivyo, ndiyo maana ulipoandika tarakimu likadhani unachagua kwenye menyu.

Msema_Kweli_TZ

Mnaonea benki bure. Kuulizwa upya ni usalama. Laini inaweza kuibwa, mhudumu atajuaje ni wewe?

Fundi_Mitambo

Una hoja, lakini nusu. Kuthibitisha wewe ni nani ni halali, hata mimi ningeuliza. Ila "ilikuwa ATM ya nani" sio swali la usalama. Hilo ndilo linaloamua malalamiko yaende dawati gani. ATM ikiwa yao, wanafungua kumbukumbu za mashine na kuhesabu hela iliyomo, wakikuta ziada inalingana na dai lako, unarudishiwa. Ikiwa ya benki nyingine, inabidi wapeleke dai kule na wasubiri majibu. Mwenzetu alilisema hilo kwenye ujumbe wake wa kwanza kabisa, likapotea njiani, na aliyejaza fomu akaona "ATM Mbezi" akajaza ya kwao.

Kilichotakiwa kumfikia yule dada ni kidogo tu, kitu kama hiki:

```
Tatizo: amekatwa 300,000, hela haijatoka
ATM: benki NYINGINE, Mbezi, Ijumaa saa 2 usiku
Roboti: limetuma orodha ya ATM, halijasaidia
Anataka: kurudishiwa hela
```

PIN isiwemo hata kama mteja kaiandika kwa hasira.

Dada_wa_Simu

Mimi ndiyo hao mnaowatukana, nakaa upande wa pili. Nashika chati nane kwa mpigo. Kwetu walisikia kilio kama hiki wakaunganisha, sasa kila mteja anakuja na mazungumzo yote na roboti, menyu tupu, skrini nzima. Nani atasoma? Najikuta nauliza tena "nikusaidie nini", na mteja anakasirika zaidi maana anajua nayaona.

Fundi_Mitambo

@Dada_wa_Simu ndiyo maana nasema mistari minne.

Dada_wa_Simu

Na nani anaiandika hiyo minne? Kama ni roboti lile lile lililotuma orodha ya ATM, litaandika "mteja anatafuta ATM". Nitaiamini, nitampotosha mtu. Bora nione maneno ya mteja mwenyewe, hata mawili.

Fundi_Mitambo

Hapo umenipata. Ujumbe wa kwanza wa mteja ukae juu kama ulivyo, muhtasari chini yake. Sina jibu zuri zaidi ya hilo.

Mkazi_wa_Kibamba

Sawa, nimewaelewa. Lakini hamjaniambia kwa nini nilikataliwa mtu mpaka nitukane. Nilisema "nataka kuongea na mtu", kuna lugha nyepesi kuliko hiyo?

Fundi_Mitambo

Roboti linapimwa kwa mazungumzo yaliyoisha bila kufika kwa mhudumu. Mteja aliyekata tamaa akaenda kulala anahesabiwa sawa na aliyesaidiwa, ripoti inapendeza, bosi anafurahi. Ningekuwa mimi, anayeomba mtu anapewa mtu. Roboti likishindwa kuelewa mara mbili mfululizo, anapewa mtu. Na "nimekatwa" ikikaa na "haijatoka" kwenye ujumbe mmoja, hapo menyu isionekane kabisa. Na usiku kama hakuna mhudumu, liseme hakuna, watu wanarudi saa fulani, namba yako ya malalamiko ni hii.

Msema_Kweli_TZ

Kila mtu akipewa mtu, hao wahudumu watatoka wapi? Wengi wanauliza salio tu.

Dada_wa_Simu

Ni kweli, salio ndilo linatumaliza.

Mkazi_wa_Kibamba

Kesho nakwenda tawini na ile meseji ya makato nimeichapisha, na jina la benki yenye ATM nimelizungushia wino mwekundu. Nitaomba lile dai walifungue upya.

Binti_Kigogo

Ukifika waulizie na la kwangu basi, mkuu.