Mjadala: Sheria isiyomfunga mtu inamuumizaje mgonjwa?

Mleta mada: Tangu nipate akili, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kinachowahukumu wanaume wanaolala na wanaume, kipo: miaka 30 hadi maisha. Mtaani kwetu sijaona hata mmoja aliyefungwa kwa kifungu hicho. Lakini watu wa afya wanashikilia kwamba sheria za aina hii zinawakimbiza mashoga hospitali na kuwatia sonona. Kama haitumiki, inaumizaje?

Tabibu, Tanga: Ndugu, mahakamani utatafuta sana usione kitu. Njoo chumba cha matibabu. Mwanaume kaja, analalamika maumivu ya haja kubwa. Kisonono na klamidia vikikaa huko mara nyingi havitoi dalili yoyote, na kipimo cha mkojo hakivioni kwa sababu vijidudu haviko kwenye njia ya mkojo. Kidonda cha kwanza cha kaswende nacho kikiwa ndani, kwa kawaida hakiumi, kinajifunga chenyewe baada ya wiki kadhaa, na ugonjwa unaendelea mwilini. Ili nijue nichukue sampuli wapi, lazima aniambie amelala na nani na kwa namna gani. Kwake, kuniambia hayo ni kukiri kosa la miaka 30 mbele ya mtu anayeandika kila neno kwenye faili. Kwa hiyo anasema ana bawasiri. Nampa dawa ya bawasiri, anashukuru, anaondoka na kaswende yake. Kwenye ripoti yangu ya mwezi huyo ni mgonjwa aliyehudumiwa. Hakuna aliyekamatwa, hakuna aliyefukuzwa, lakini hakutibiwa.

Mwalimu, Korogwe: Tabibu, nakuheshimu, ila unaipa sheria mzigo usio wake. Huyo anaogopa mama yake, shehe wake na majirani. Futa kifungu hicho leo, kesho bado atakwambia bawasiri. Sheria imefuata tu namna jamii inavyoona.

Tabibu, Tanga: Mwalimu, kuhusu majirani uko sahihi, na siwezi kukubishia kwa kutumia zahanati yangu peke yake, maana hapa sheria na majirani vimekaa pamoja tangu mkoloni. Unahitaji mahali ambapo sheria ilibadilika ghafla huku majirani wakiwa wale wale. Abuja, Nigeria, palitokea hivyo. Kulikuwa na utafiti wa VVU ulioanza 2013 kwa wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume, na katika kila hudhurio waliulizwa kama wamewahi kuogopa kwenda kutafuta matibabu, na kama wamewahi kuyakwepa. Januari 2014 Rais Goodluck Jonathan akatia saini sheria mpya. Tendo lenyewe lilikuwa kosa tangu zamani. Sheria hii iliongeza miaka 14 kwa ndoa za jinsia moja, na miaka 10 kwa wanaojiunga na vikundi vyao au kuonyesha mapenzi hayo hadharani. Watafiti waliendelea kuuliza maswali yale yale. Wanaume 707 walishiriki. Kabla ya sheria, katika asilimia 25 ya mahudhurio mtu alisema amewahi kuogopa. Baada yake asilimia 38. Waliosema wamewahi kukwepa matibabu walitoka asilimia 20 wakafika 28.

Na hao, Mwalimu, ni waliokuja kliniki. Walioogopa kiasi cha kutofika kabisa hawamo kwenye hesabu.

Mwalimu, Korogwe: Hapo umenigusa. Ila Januari ile redio na mahubiri Nigeria nzima vilikuwa juu ya jambo hilo. Utajuaje kilichowatisha ni sheria na si kelele?

Tabibu, Tanga: Sijui. Utafiti ule hauwezi kuvitenganisha, na mimi siwezi. Nitakachosema ni kwamba kelele zile zilikuja na sheria.

Mama Neema: Samahani wanangu, mnazunguka mno. Daktari amekatazwa kumtibu mtu wa hivyo au hajakatazwa? Mdogo wangu alipigwa kwenye ugomvi wa mpaka wa shamba, kichwa kimepasuka, pale hospitali wanatuambia tulete kwanza PF3. Tumekaa kituo cha polisi mpaka giza likaingia. Yeye si shoga wala nini. Kwa hiyo hata sisi wengine tunateseka, msiwape wao tu huruma.

Wakili, Dar es Salaam: Pole sana mama. Hajakatazwa kutibu. Na wa hali mbaya anapaswa kuanza kutibiwa, fomu ifuate. Ila umetupa mfano bora kuliko yetu. Chukua kijana aliyevamiwa usiku kwa sababu wamemjua ni shoga. Ana jeraha lile lile la mdogo wako. Kaunta ya polisi itamuuliza: nani alikupiga, mlikuwa wapi, ugomvi ulikuwa wa nini? Mdogo wako alijibu "mpaka wa shamba". Yeye akijibu ukweli, anageuka kutoka mlalamikaji kuwa mtuhumiwa. Kwa hiyo anashona kidonda kwa mtu wa duka la dawa, au anakilalia. Wanaompiga wanalijua hilo, na wanaomtishia pia: "nipe laki mbili, la sivyo nakupeleka polisi." Mleta mada anasema sheria haitumiki. Inatumika sana, ila wanaoitumia si mahakimu.

Muuguzi wa afya ya akili, Mombasa: Nimshike Wakili hapo hapo kwenye vitisho vya pesa, kwani huko ndiko sonona inakozaliwa. Watu hudhani mgonjwa wangu anahuzunika kwa sababu ya kifungu cha sheria. La. Amechoka. Anapima kila sentensi kazini, amebadilisha jina la mpenzi kwenye simu, akisikia pikipiki imesimama nje usiku moyo unaenda mbio. Ukiishi hivyo miaka, usingizi unaharibika, kisha hamu ya chakula, kisha matumaini. Sisi tunatumia dodoso la maswali tisa, na la tisa linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Wengine hujibu yote manane kwa uwazi, wakifika hapo wanaandika sifuri. Huku Kenya, kujaribu kujiua kulikuwa kosa chini ya kifungu cha 226 hadi Mahakama Kuu ilipokitangua Januari 2025. Kwa mtu huyu ilikuwa kesi juu ya kesi: akisema kwa nini anataka kufa, amekiri kosa, akisema alijaribu, amekiri la pili. Tanzania kosa hilo liko kifungu cha 217.

Mwalimu, Korogwe: Hilo la kujiua sikulijua, na linanisumbua. Lakini narudi kwenye swali langu. Hata bila sheria mpya, Februari 2017 hapa kwetu wizara ilivizuia vituo 40 kutoa huduma za VVU kwa makundi haya. Kifungu cha 154 hakikuguswa hata herufi. Je, hilo halionyeshi kwamba tatizo ni viongozi na siyo maandishi?

Wakili, Dar es Salaam: Agizo lilipata nguvu kwa sababu ya maandishi. Huwezi kufunga kituo kwa madai kwamba kinahamasisha ushoga kama ushoga wenyewe si kosa.

Tabibu, Tanga: Mimi hapo namuunga mkono Mwalimu nusu. Uganda, Aprili 2024, Mahakama ya Katiba ilitangua kifungu cha sheria yao ya 2023 dhidi ya ushoga kilichowataka watu kuripoti mashoga. Kifungo cha maisha kikabaki. Je, mgonjwa wa Kampala anamwamini muuguzi zaidi kwa vile muuguzi halazimiki tena kumripoti? Ningependa kusikia kutoka kwa anayefanya kazi kule.

Mleta mada: Na faili, Tabibu? Ukishaambiwa, unaandika nini?

Tabibu, Tanga: Naandika ugonjwa na mahali sampuli ilikotoka, basi. Ya nani alilala na nani siyaandiki. Mwenzangu wa zamu ya usiku huyaandika, anasema rekodi pungufu ni hatari kwa mgonjwa. Tumebishana na hatujakubaliana.