Ziwa Nakuru kutoka Kisumu: Februari, Aprili, Agosti au Desemba?

BabaImani, Kisumu
Wakuu, salaam. Tunapanga safari ya Mbuga ya Ziwa Nakuru: mimi, mama watoto, vijana wetu wawili wa miaka 8 na 13, pamoja na baba mkwe ambaye magoti yanamsumbua, kwa hiyo muda mwingi tutakuwa ndani ya gari. Tunabanwa na kalenda ya shule. Nafasi tulizo nazo ni likizo ya Aprili, ya Agosti, au Desemba kabla ya Krismasi. Ipo pia ile likizo fupi ya katikati ya muhula wa kwanza, mwisho wa Februari, ila ni siku chache na sijui kama zinatosha. Mzee anataka kumwona kifaru kwa macho yake. Watoto wanataka heroe, wale wa waridi wanaofunika ufuo mzima kwenye vitabu vyao. Mfuko wetu si mkubwa. Mngechagua wakati gani?

Otis_N, Nairobi
Agosti, usisite. Kiangazi chetu ni Julai hadi Oktoba, nyasi fupi, wanyama wanafuata maji, barabara kavu. Sisi tulikwenda Amboseli Agosti na hatukuona hata tone la mvua, ni vumbi tu na ndovu wengi ajabu.

DerevaLanet, Nakuru
Otis, hayo ni kweli kwa Amboseli, na hata Tsavo. Nakuru mambo ni tofauti. Mji uko juu, takriban mita 1,850, na mvua zetu zinafanana zaidi na za Kericho na Eldoret kuliko za Nairobi. Masika huanza mwisho wa Machi na kushika kasi Aprili na Mei. Juni hupungua kidogo, kisha Julai na Agosti hurudi tena wakati Nairobi mnavaa makoti kwa baridi kavu. Zile za Oktoba na Novemba zinakuja juu ya hizo. Miezi mikavu kwelikweli hapa ni Januari na Februari. Wageni wengi hufika Agosti wakiwa na viatu vya wazi kwa sababu wamesoma ushauri ulioandikiwa Masai Mara.

Lakini Baba Imani, kuna jambo kubwa kuliko mvua. Mbuga yetu imezungushiwa ua. Ina kilomita za mraba 188, na wanyama wake hawahami. Nyati, pundamilia, twiga, vifaru, simba, wote wapo Aprili na wapo Desemba. Kinachobadilika ni urefu wa nyasi na hali ya barabara. Baada ya masika nyasi za upande wa kusini hupanda hadi simba akilala hatua chache kutoka barabarani humwoni. Ikifika Februari zimeliwa na kukauka, na kifaru mweupe, ambaye kazi yake ni kula nyasi, anaonekana uwandani kutoka mbali. Yule mweusi anakula vichaka, kwa hiyo kumpata ni bahati msimu wowote.

Kwa mzee asiyeweza kushuka na kupanda, mimi ningechukua mwisho wa Februari.

Mwl_Achieng, Kakamega
Baba Imani, kwa nini uende mbali hivyo? Njoo Msitu wa Kakamega, karibu saa moja tu kutoka Kisumu. Desemba hadi Februari njia za msituni hazitelezi sana. Miezi mingine mvua ya alasiri ni karibu kila siku, lakini asubuhi hadi saa sita unatembea vizuri, unaona mbega, vipepeo na ndege ambao hutawaona kwingine Kenya. Nimewaleta wanafunzi huku na walifurahi mno.

BabaImani
Asante sana mwalimu. Kakamega tutakuja, ila kule ni kutembea kwa miguu na mzee hawezi. Halafu kifaru hayupo!

Dereva, umenifungua macho. Basi heroe nao? Februari watakuwepo?

DerevaLanet
Hapo siwezi kukuahidi, na yeyote atakayekuahidi mwogope. Heroe mdogo anakula mwani unaoota kwenye maji yenye magadi mengi. Ziwa Nakuru halina mto unaotoka. Maji huingia kupitia Njoro, Makalia na Nderit kutoka upande wa Mau, na hupungua kwa kukauka juani. Likipungua, magadi yanakuwa makali, mwani unastawi, heroe wanakuja. Likijaa, magadi yanazimuliwa na chakula chao kinapungua.

Tangu kama 2010 ziwa limepanda sana. Lango kuu la zamani lilimezwa na maji, ikabidi lijengwe jingine. Utaona migunga mingi imekufa ikiwa imesimama ndani ya maji. Heroe wengi walihamia kwingine, hasa Bogoria. Kwa hiyo idadi yao inategemea zaidi ziwa limekuwaje kwa miaka kadhaa kuliko mwezi utakaokuja. Kiangazi cha Januari na Februari huongeza nafasi, basi. Unaweza kukuta kundi zuri ufuoni, unaweza kukuta wachache wametawanyika. Wiki moja kabla ya safari uliza mtu aliyeingia juzi. Picha za mtandaoni usizitegemee, nyingi ni za zamani.

Watoto wakiwa wameshikilia heroe, ongezeni siku moja mwende Bogoria kwa kupitia Mogotio. Ni saa moja na nusu hadi mbili kutoka mjini. Nako maji yamepanda na sehemu ya barabara ya ufuoni ilifunikwa, kwa hiyo ulizeni langoni mnaweza kufika wapi. Jua la Baringo mwezi wa Februari ni kali, nendeni alfajiri.

MamaNjeri, Nakuru
Mimi nina gesti ndogo hapa mjini, nitazungumzia bei. Chumba changu cha watu watano nakitoza 4,500 Mei na Juni, 5,000 Februari, 6,000 Agosti, na wiki ya Krismasi 7,500. Hoteli kubwa zilizo ndani ya mbuga tofauti yake ni pana zaidi, maana Agosti zinajazwa na watalii wanaopita hapa kwenda au kutoka Mara kuangalia nyumbu wakivuka. Pasaka pia hupandisha bei, na watu huisahau kwa sababu tarehe yake inahama: mwaka mwingine inaangukia ndani ya likizo ya Aprili.

Jihadharini na Machi vilevile. Mashindano ya magari ya Safari Rally pale Naivasha yalikuwa yakifanyika Juni, lakini tangu 2024 yamehamia Machi. Wiki hiyo wanaokosa vyumba Naivasha wanakuja kulala huku.

Kiingilio cha mbuga kwa mwananchi hakishuki kwa sababu ya mvua, na gari la kukodi halishuki sana. Kwa hiyo ukija Aprili kuokoa pesa, unachookoa ni kwenye chumba peke yake. Kwa usiku mmoja au mbili, familia moja, si pesa nyingi kulinganisha na hatari ya kukwama.

Kirui_Picha, Njoro
Naona mnaidharau Juni. Mimi hupiga picha za ndege na wanyama, na kwangu Februari ni mwezi wa vumbi. Hewa ina ukungu wa moshi na vumbi, ukisimama Baboon Cliff ng'ambo ya ziwa huioni vizuri. Juni milima iko kijani, hewa imeoshwa, vyumba ni nafuu kama alivyosema Mama Njeri, na simba mara nyingi wako juu ya miti, wanakimbia unyevu na inzi wa chini. Kwa ndege wanaohama kutoka Ulaya, hapo sawa, njoo kati ya Novemba na Machi. Lakini kwa mandhari, Juni.

DerevaLanet
Simba nimewakuta mitini hata Januari, kwa hiyo hilo la unyevu silikubali lote. Hewa ya Juni nakubali. Ila Baba Imani ana watoto wa shule, na muhula wa pili ndio wakati wa mabasi ya shule. Ijumaa na Jumamosi ya Juni au Julai unaweza kukuta mabasi yamepangana kando ya kifaru mmoja, watoto wanapiga kelele, kifaru anaondoka zake. Wakati wa likizo mabasi hayo hayapo. Hiyo ndiyo faida ya likizo fupi ya Februari: shule zimefungwa, na familia nyingi zinaogopa kusafiri kwa siku nne.

Kirui_Picha
Muhula wa pili nao una likizo fupi mwisho wa Juni. Mabasi hayatakuwepo pia. Bado nasema Juni ipewe nafasi.

BabaImani
Kirui, umenipa wazo, lakini nyasi ndefu zinanitia wasiwasi kwa ajili ya mzee, macho yake hayana nguvu. Nimeelekea Februari. Mpango wangu: Alhamisi tutoke Kisumu asubuhi, tulale Nakuru, Ijumaa mbugani, Jumamosi Bogoria, Jumapili nyumbani. Gari letu ni Noah ya kawaida, si la kupanda milima. Linatosha?

DerevaLanet
Februari linatosha, ukiendesha polepole. Aprili nisingekuruhusu: upande wa kusini kuna udongo mweusi unaonata, ukilowa Noah inazama hadi tumboni na kushuka kusukuma huruhusiwi kwa sababu ya wanyama. Ukiona mvua imenyesha usiku, hata Februari, kaa kwenye barabara za changarawe na uache vijia vya kando.

Ijumaa muwe Lango la Lanet saa kumi na mbili asubuhi linapofunguliwa. Lipia eCitizen usiku uliotangulia, usihangaike na mtandao pale langoni. Shukeni upande wa mashariki moja kwa moja hadi uwanda wa kusini kabla ya saa mbili na nusu, kabla jua halijawasukuma vifaru kivulini. Maporomoko ya Makalia mwezi huo huwa ni uzi wa maji tu, msipoteze muda sana. Baadaye uliza kama barabara ya magharibi iko wazi, mpande Baboon Cliff. Gari linafika juu kabisa, mzee ataona ziwa lote bila kutembea.

MamaNjeri
Na mkifika huko juu fungeni madirisha kabla ya kutoa chakula. Nyani wa pale wanaingiza mkono garini na kuchukua mkate mbele ya mtoto.

Otis_N
Dereva, nimekuelewa kuhusu Agosti. Lakini mtu asiye na likizo nyingine akija Agosti, anafaidi kitu?

DerevaLanet
Anafaidi. Mvua zetu za Agosti kwa kawaida zinanyesha alasiri. Ukiingia alfajiri na kutoka saa saba, unaweza usiguswe. Lipa chumba mapema na utafute gari lenye magurudumu manne yanayovuta.

BabaImani
Mama Njeri, nimekuandikia faraghani kuhusu chumba cha Alhamisi na Ijumaa. Mzee angependa cha chini, kisicho na ngazi.