Wapishi wa Malindi, mkituandikia maofisini semeni bei na saa ya kufika chakula!

Msimamizi_LamuRoad (mwenye uzi)

Nasimamia ofisi ya watu 28 hapa Malindi, upande wa Lamu Road. Chakula cha mchana cha wafanyakazi kiko mikononi mwangu, na cha wageni wa mikutano vilevile. Haipiti wiki bila barua pepe ya mpishi asiyenijua. Kuandikiwa hakuniudhi, biashara hutafutwa. Kinachoniudhi ni barua zenyewe.

Ya jana imenijaza. Kichwa chake: "USHIRIKIANO". Ushirikiano wa nini? Nimefungua nikakuta aya nne juu ya kampuni ilivyoanza, maono yake na dhamira yake. Chini yake picha nzito hata simu inagoma: masinia ya biriani, matikiti yaliyochongwa maua, keki ya harusi ya ghorofa tatu. Mwisho kabisa: "Kwa bei, tupigie." Basi!

Na kule juu kwenye Cc wamemwaga anwani za ofisi za mji mzima, nyingine za watu binafsi kwa majina yao kamili. Bcc iko hapo hapo jirani yake, mtu haitumii kwa nini? Mmoja akajibu wote, "Nitoeni kwenye orodha hii." Mwingine akamjibu yeye, naye pia kwa wote. Mpaka adhuhuri simu inalia tu.

Hebu nielezeni. Mimi si mwenye pesa. Barua ikinipendeza naipeleka kwa mhasibu, mhasibu aipeleke kwa bosi. Nimpelekee nini, picha ya keki? Anachouliza mhasibu ni kimoja: kwa mwezi ni ngapi? Sisi tumetengewa sh 350 kwa sahani. Watu 28 ni sh 9,800 kwa siku, na mwezi wa siku 22 za kazi ni sh 215,600. Mwaka jana mpishi mmoja alitutajia hiyo 350 kwa simu, tukakubaliana, ankara ikaja na ushuru wa VAT juu yake. Asilimia 16! Sahani ikawa 406, mwezi ukawa sh 250,096. Nikasimamishwa mbele ya bosi kueleza sh 34,496 ambazo hakuna aliyenitajia. Ndiyo maana barua isiyo na bei, na isiyosema kama bei hiyo ni ya mwisho, siipeleki popote.

Halafu mnachanganya shughuli na chakula cha kila siku. Shughuli ni ya siku moja, ina meza, vitambaa na wahudumu. Cha kila siku kinataka sahani ileile, saa ileile, Jumatatu mpaka Ijumaa, na Ijumaa kuna swala. Ukinionyesha keki ya harusi sijui kama utanifikishia maharagwe na chapati saa saba kasorobo.

Na kubwa kuliko yote: barua hii ya "bufee ya mchana" imetumwa wiki mbili kabla ya Ramadhani. Malindi! Zaidi ya nusu ya ofisi yangu itafunga. Aliyeandika anaishi mji gani? Angeniandikia futari ya wafanyakazi ningemjibu siku ileile, maana hiyo tunaitafuta kila mwaka.

---

MtuWaHaki

Dada, usijisumbue kuwaeleza. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakataza mtu kukuandikia ofisini bila ruhusa yako. Peleka malalamiko kwa Kamishna wa Data, watapigwa faini wanyooke.

---

Mpishi_Muyeye

Mimi ni mpishi na nitasema wazi. Bei hatuandiki kwa sababu barua ikishafika ofisi moja, kesho iko kwa mpishi mwenzangu, naye anapunguza sh 20 anachukua kazi. Pili, bei ya samaki hailali mahali pamoja. Kusi likivuma bahari inachafuka, vyombo havitoki, na changu wa jana si wa bei ya leo. Nikikuandikia 350 na samaki akapanda, hasara ni yangu au yako? Ndiyo maana tunasema tupigie, tuzungumze kama watu.

---

Msimamizi_LamuRoad

Kaka Muyeye, nikupigie mimi? Wewe ndiye unayetafuta kazi! Nina barua za wapishi wengi. Mwenye bei namsoma, asiye na bei nampita, na hata sitajua kwamba chakula chako kilikuwa kizuri kuliko chake.

---

Bi_Masufuria

Wanangu, nimepikia maofisi tangu Malindi ina hoteli za Waitaliano kila kona, nisikilizeni kidogo.

Muyeye ana haki juu ya samaki, lakini dawa yake si kuficha bei yote. Wali wa nazi, chapati, maharagwe, kuku, mchicha: hivi unaweza kuvishikia bei miezi mitatu. Samaki muweke pembeni, sema bei yake ni ya wiki hiyo. Na huyo wa kukupunguzia sh 20 atakupunguzia tu, uandike usiandike.

Kingine ambacho barua nyingi hazisemi ni kima cha chini. Msimamizi akiuliza sahani 6 utamwambia nini? Tuktuk ni ileile, mpishi ni yuleyule, mkaa au gesi karibu uleule, uwe unapeleka 6 au 25. Mimi chini ya 15 siondoki jikoni. Ukiliandika hilo, ofisi ndogo hazikupotezei muda na kubwa zinajua wewe unaelewa kazi yako.

Tatu ni saa, na hapa pana hatari. Mpishi mwenye ofisi nyingi anapika wali saa mbili asubuhi, unakaa vuguvugu mpaka saa saba. Wali wa hivyo unaumiza matumbo hata ukipashwa tena. Chakula kitoke motoni kiingie kwenye hoti-poti moja kwa moja, na kikifunguliwa ofisini kiwe hakijashuka nyuzi 60. Msimamizi, siku ya kuonja usionje ladha tu. Funua wali, chota katikati: kama hautoi mvuke, huyo alipika zamani. Na muulize vyeti vya afya vya wapishi wake, vile vya kupimwa kila miezi 6. Asiye navyo usimkaribishe.

Hii ndiyo barua ningeandika mimi:

*Kichwa: Chakula cha mchana ofisini, Lamu Road: sahani sh 350, kuanzia 15*

*Habari za kazi. Napika hapa Malindi na ninapelekea ofisi mbili chakula kila siku. Sahani ni sh 350: wali wa nazi au chapati, kuku au maharagwe, mboga na tunda. Samaki kwa bei ya wiki. Nyama yote ni halali. Idadi naipokea mpaka saa kumi jioni ya siku iliyotangulia. Asubuhi unaweza kuongeza au kupunguza sahani 3 mpaka saa mbili na nusu. Chakula kinafika saa saba kasorobo, Ijumaa saa saba na nusu baada ya swala. Sitozi VAT kwa sasa, 350 ndiyo bei ya mwisho, na risiti ya eTIMS natoa. Jumanne nikuletee sahani 3 za kuonja, bila malipo? Nijibu "Jumanne" tu. Kama hutaki barua zangu, nijibu "Basi", sitakuandikia tena.*

Imekwisha. Haina picha wala historia. Mambo ya shughuli yasubiri barua nyingine, mkishajuana.

---

Msimamizi_LamuRoad

Bi mkubwa, Mwenyezi Mungu akuweke! Barua hii ningeipeleka kwa mhasibu leo leo. Ila nifafanulie hapo pa "sitozi VAT kwa sasa". Kwa sasa mpaka lini?

---

Bi_Masufuria

Umeuliza vizuri. Anayelazimika kujisajili ni mwenye mauzo ya sh milioni 5 kwa mwaka. Ofisi yako peke yake, 215,600 mara 12, ni sh 2,587,200, hajafika. Akipata ofisi mbili kama yako anakuwa na sh 5,174,400, amevuka. Kwa hiyo mpishi anayekuambia 350 leo anaweza kulazimika kuongeza ushuru katikati ya mwaka kwa sababu tu biashara imemkubali. Muulize mapema nani ataubeba siku hiyo, na mliandike. Risiti ya eTIMS ni jambo jingine, anaweza kuitoa hata asiyesajiliwa VAT, kwa *222# kwenye simu. Tangu Januari 2024 mhasibu wako anaihitaji ili KRA wayakubali matumizi hayo.

Na wewe MtuWaHaki, punguza moto. Sheria hiyo inalinda habari za mtu binafsi. Anwani ya info@ ya ofisi si mtu. Lakini kumwaga majina ya watu kwenye Cc hapo nakuunga mkono, na anayekuuzia kitu lazima akupe njia ya kumwambia asikuandikie tena.

---

MtuWaHaki

Hata anwani ya info@ inasomwa na mtu, Bi mkubwa. Mimi sijaridhika.

---

Binti_Mokowe

Dada Msimamizi, kama unatafuta mpishi, shangazi yangu yuko Amu na anapika vizuri sana, biriani yake haina mfano. Sisi ofisini Mokowe tunaletewa chakula na yeye. Shida yetu ni maji tu. Kutoka jikoni kwake hoti-poti zinabebwa kwa mkokoteni mpaka gatini, kisha boti mpaka Mokowe, kisha bodaboda. Kusi likikaza boti inasubiri, na mchuzi umeshawahi kumwagikia mbao za sakafu tukala wali mkavu. Nikutumie namba yake?

---

Msimamizi_LamuRoad

Asante mwanangu, lakini mimi niko Malindi, na sitafuti mpishi, nalalamikia barua zao.

---

Mpishi_Muyeye

Nimeisoma barua ya Bi Masufuria mara mbili, bei nitaandika. Lakini kuna jambo nyinyi wasimamizi hamlitaji. Mnataka chakula kila siku, mnalipa baada ya siku 30, wengine 45. Kuku ninamlipia taslimu sokoni alfajiri. Kwa hesabu yako mwenyewe, dada, mwezi mmoja natoa chakula cha sh 215,600 kabla sijaona shilingi. Mpishi mdogo ataweza wapi? Nikiandika kwenye barua ya kwanza "malipo kila Ijumaa", utaipeleka kwa mhasibu au utaitupa?

---

Msimamizi_LamuRoad

Nitaipeleka, kaka. Mhasibu wetu hulipa mwisho wa mwezi na nguvu ya kumbadilisha sina, huo ndio ukweli. Lakini likiwa limeandikwa nitalipeleka kama lilivyo, na akikataa nitakujibu kwamba amekataa, usikae unangoja. Futari je, unapika? Magharibi inaingia kama saa kumi na mbili na nusu, nataka tende, uji na kaimati viwe mezani saa kumi na mbili na robo, watu 28. Niandikie bei.